Akaunti ya udhibiti: jumla moja inayokagua kadi za wateja wote

Duka la jumla la vifaa vya ujenzi nililokuwa nikiandikia vitabu Morogoro lilikuwa na wateja wa mkopo 63: mafundi, wakandarasi wadogo, na wenye maduka ya rejareja kutoka Kilosa na Mvomero. Kila mmoja alikuwa na kadi yake. Kushoto tuliandika alichochukua, kulia alicholipa, na pembeni salio analodaiwa. Kadi hizo zote kwa pamoja ndizo leja ya wateja. Mwisho wa Machi nilizijumlisha salio zote nikapata shilingi 11,920,000. Je, wateja walikuwa wanadaiwa kiasi hicho kweli? Ukizitazama kadi zenyewe huwezi kujua, maana kadi iliyokosewa haina alama yoyote usoni inayoitofautisha na iliyo sahihi.

Jibu linatafutwa kwenye leja kuu, katika akaunti ya udhibiti wa wadaiwa. Akaunti hii haina jina la mteja hata mmoja. Inabeba jumla tu: wateja wote walianza mwezi wakidaiwa kiasi gani, wakachukua mali ya kiasi gani, wakalipa kiasi gani, na wamebaki na deni gani. Kwa upande wa wale tunaowanunulia mali kwa mkopo, ipo nyingine ya namna hiyo hiyo, akaunti ya udhibiti wa wadai.

Nguvu ya akaunti hii iko kwenye njia panda, na ukiielewa njia panda hiyo umeshaielewa dhana nzima. Ankara ya mkopo ikikatwa, inaandikwa mstari mmoja kwenye daftari la mauzo. Kuanzia hapo takwimu inakwenda kwa njia mbili. Njia ya kwanza, mstari huo unapelekwa siku hiyo hiyo kwenye kadi ya mteja. Njia ya pili, mwisho wa mwezi daftari lote linajumlishwa na jumla ile inaingizwa kwenye akaunti ya udhibiti. Malipo ya wateja yanagawanyika vivyo hivyo kutoka kwenye daftari la fedha, na mali iliyorudishwa kutoka kwenye daftari la marejesho. Kilichopita njia mbili tofauti kikifika mwisho kikiwa sawa, tuna sababu ya kuamini kwamba hakuna kilichodondoka njiani. Mauzo ya taslimu hayaingii humu hata kidogo, kwa sababu hayakuzaa deni. Tengo la madeni yenye shaka nalo haliingii, ingawa wanafunzi wengi hulitumbukiza humo: lile ni makadirio yetu sisi, hakuna mteja aliyepunguziwa deni.

Machi ile akaunti ya udhibiti ilisomeka hivi:

Salio la kuanzia mwezi: 8,400,000
Kuongeza mauzo ya mkopo: 21,600,000
Kutoa fedha zilizopokelewa: 17,900,000
Kutoa mali iliyorudishwa: 450,000
Kutoa punguzo kwa waliolipa mapema: 150,000
Kutoa deni lililofutwa: 300,000
Salio la mwisho wa mwezi: 11,200,000

Kadi zinasema 11,920,000, akaunti ya udhibiti inasema 11,200,000. Tofauti ni 720,000.

Wahasibu wana desturi mbili za kuanzia. Ya kwanza ni kugawa tofauti kwa 9. Mtu akigeuza tarakimu, mathalani 54 akaiandika 45, tofauti inayozaliwa hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Ya pili ni kugawa kwa 2, kwa sababu kiasi kilichoandikwa upande usio wake huleta tofauti ya mara mbili ya kiasi chenyewe. Sasa 720,000 inagawanyika kwa 9, na nilipoteza nusu siku nikitafuta 910,000 iliyoandikwa 190,000. Haikuwepo. Nikatafuta 360,000 iliyokaa upande mbaya, nayo haikuwepo. Desturi hizi zinafaa kosa likiwa moja. Yakiwa matatu yamechanganyika, tofauti ya jumla haikuambii chochote kuhusu lolote kati yao.

Ndipo nikarudi kwenye kazi ya polepole. Nilianza na vile visivyopita kwenye daftari la kila siku, kwa kuwa hivyo ndivyo husahaulika upande mmoja. Fundi mmoja alihama mji akiwa na deni la 300,000, na mwenye duka aliidhinisha lifutwe. Kwenye leja kuu nilikuwa nimelifuta. Kadi yake, kwenye sanduku, ilikuwa bado inamdai. Ikabaki 420,000.

Kisha nikajumlisha upya daftari la mauzo, ukurasa kwa ukurasa. Chini ya ukurasa wa nne palikuwa na 9,860,000. Juu ya ukurasa wa tano, mahali pa kuhamishia jumla, paliandikwa 9,760,000. Laki moja ilipotea wakati wa kufungua karatasi. Kwa hiyo mauzo ya mkopo yalikuwa 21,700,000, na safari hii waliokuwa sahihi ni kadi, aliyekosea ni akaunti ya udhibiti. Ikabaki 320,000.

Nusu yake ni 160,000, na sasa ile desturi ya kugawa kwa 2 ikafanya kazi. Nilipitia kadi nikitazama safu ya namba za hati badala ya fedha. Ankara zetu zilianza na herufi A, stakabadhi na S. Kwenye kadi ya mwenye duka mmoja wa Kilosa palikuwa na S upande wa kushoto, ambako panatakiwa kuwa na A peke yake. Alikuwa amelipa 160,000, na karani akamwongezea deni badala ya kumpunguzia.

Tukazirekebisha kadi: 11,920,000 kutoa 300,000 kutoa 320,000 ni 11,300,000. Tukairekebisha akaunti ya udhibiti: 11,200,000 kuongeza 100,000 ni 11,300,000. Zikalingana.

Angalia namna masahihisho yanavyotofautiana, kwani hapa ndipo wengi huteleza. Makosa mawili ya kwenye kadi tuliyasahihisha kwenye kadi tu. Leja kuu haikuguswa, kwa sababu kadi ni kumbukumbu ya undani iliyo nje ya mfumo wa maingizo mawili, ule ambao kila kiasi huandikwa debiti kwenye akaunti moja na krediti kwenye nyingine. Ile laki moja ya daftari la mauzo ilidai ingizo kamili: debiti akaunti ya udhibiti 100,000, krediti akaunti ya mauzo 100,000. Jumla ile ile iliyokosewa ilikuwa imeingia kote kuwili, na kwa hiyo urari, yaani orodha inayopima kama jumla ya debiti na jumla ya krediti za leja kuu ni sawa, ulikuwa umelingana muda wote bila kulalamika. Bila kadi kuwekwa kando ya akaunti ya udhibiti, duka lingefunga mwaka likiwa limetangaza mauzo pungufu, na urari usingesema neno.

Lakini jambo hili lina mpaka wake, nao unatoka kwenye njia panda ile ile. Kinachokosewa baada ya njia kugawanyika kwa kawaida huonekana. Kinachokosewa kabla yake hakionekani. Ankara isiyoandikwa kabisa kwenye daftari haitafika kwenye kadi wala kwenye jumla, na pande zote mbili zitakuwa pungufu kwa kiasi kilekile. Ankara ya 580,000 iliyoingizwa daftarini kama 850,000 itakuwa imekosewa sawasawa kote. Na hata baada ya njia kugawanyika lipo kosa linalojificha: deni la mteja mmoja likiandikwa kwenye kadi ya mwingine anayefanana naye jina, jumla haitikisiki.

Baya zaidi ni wizi wa kufukia. Mpokea fedha anaweka mfukoni malipo ya mteja wa kwanza, kisha malipo ya mteja wa pili anayaandika kwenye kadi ya wa kwanza, ya wa tatu kwenye kadi ya wa pili, na kuendelea. Kila mwezi kadi na akaunti ya udhibiti zitalingana hadi shilingi ya mwisho. Dalili yake ni malipo ya wateja kuonekana yamechelewa siku kadhaa kuliko stakabadhi walizonazo mkononi, na tiba yake ni kuwapelekea wateja taarifa za madeni yao kupitia mtu asiyegusa fedha. Ndiyo maana nasisitiza watu watatu kazi tatu: anayepokea fedha, anayeandika kadi, na anayeshika akaunti ya udhibiti. Duka dogo lisiloweza kulipa watu watatu, basi mwenyewe ashike angalau akaunti ya udhibiti.

Kwenye programu za uhasibu njia mbili zimekuwa karibu moja, kwani ukiingiza ankara inaandika kadi na jumla papo hapo. Makosa ya kujumlisha yameisha. Tofauti ikitokea, chanzo kikuu ni mtu aliyeandika ingizo la mkono moja kwa moja kwenye akaunti ya udhibiti bila kupitia kwa mteja yeyote. Programu ya SAP hukataa kabisa ingizo la namna hiyo. Chanzo kingine cha kawaida ni ripoti mbili kuchapwa kwa tarehe mbili tofauti, kwa hiyo hakikisha tarehe kabla ya kuanza kuhangaika.

Upande wa wadai hesabu inageuka: manunuzi ya mkopo yanaongeza kulia, malipo na marejesho yetu yanapunguza kushoto. Mteja ambaye pia tunanunua kwake, kama seremala anayechukua misumari na kutuletea milango, anaweza kukubaliana nasi tukatane. Anadaiwa 200,000, tunadaiwa naye 500,000, tunamlipa 300,000. Zile 200,000 lazima zitolewe sehemu nne: kadi yake ya mteja, kadi yake ya muuzaji, na akaunti zote mbili za udhibiti. Mara nyingi moja husahaulika.

Kwa wadai tunayo pia njia ya tatu, inayotoka nje ya ofisi yetu: taarifa ya muuzaji. Mwisho wa mwezi ule ule msambazaji wetu wa mabati wa Dar es Salaam alituandikia kwamba tunadaiwa 5,800,000, wakati kadi yetu ilionyesha 4,300,000. Karani akasema, "Kaka, hawa wanatuzidishia." Tukapanga ankara zao kando ya zetu. Ankara moja ya 1,200,000 ilikatwa tarehe 30, na lori lilifika kwetu tarehe 2 Aprili. Malipo yetu ya 300,000 tulituma tarehe 31, wao wakayaona benki kesho yake. Ukiongeza hayo mawili kwenye 4,300,000 unapata 5,800,000 kamili. Hapakuwa na kosa kwa yeyote, ila tulipitia kila mwezi kuhakikisha vitu vya njiani vya mwezi uliopita vimeshafika, kwa sababu ankara inayobaki "njiani" miezi miwili mara nyingi ni ankara ambayo haikuwahi kuandikwa kwenye daftari letu la manunuzi.