Nukta kati ya jina la chakula na bei: tunavyokosea kuzipanga kwenye menyu

Mama mmoja mwenye mgahawa karibu na mwalo wa Kirumba alituletea menyu yake kwenye steshenari. Alikuwa amepandisha bei ya sato mkubwa wa kukaanga kutoka 9,500 hadi 12,000. Alibadilisha bei hiyo tu, lakini alipochapisha, "Sato mkubwa wa" likabaki peke yake juu, na "kukaanga" pamoja na nukta zake zote na bei vikaangukia mstari wa chini. Wateja wakaanza kuuliza kama "kukaanga" ni huduma inayolipiwa pembeni.

Dhana: nukta huchapwa moja moja mpaka bei zilingane

Huu ndio mzizi wa tatizo lake. Kwenye taipureta za zamani njia hii ilifaa, kwa sababu kila herufi ilikuwa na upana uleule. Ukihesabu vizuri, bei zote zilikaa sawa. Fonti nyingi za kompyuta haziko hivyo: "m" ni pana, "i" ni nyembamba, kwa hiyo "Dagaa" na "Furu" huishia mahali ambapo huwezi kupatabiri kwa kuhesabu herufi.

Wengine hudhani nafasi moja ya ziada itanyoosha bei iliyopinda. Kwenye Times New Roman ya ukubwa wa 12, nukta moja ina upana wa pointi 3, yaani kama milimita 1, na nafasi tupu nayo ni pointi 3. Kama bei imepinda kwa nusu milimita, ukiongeza nukta inapitiliza, ukipunguza inarudi nyuma mno. Utahangaika mpaka jioni na bei zitabaki zimechongoka.

Halafu kuna lile la kuangukia chini. Kompyuta hukata mstari penye nafasi. Nukta zilizochapwa kwa mkono zimeshikana na neno lililotangulia na bei inayofuata, hivyo kwa kompyuta "kukaanga.........12,000" ni neno moja refu. Bei ya 12,000 ina tarakimu moja zaidi ya 9,500, mstari ulikuwa umeshajaa, basi "neno" lote likashuka.

Ukweli: nukta zote ni kazi ya kitufe kimoja

Tulifuta nukta zake zote. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, na pambizo zake zilikuwa 2.54 kila upande, kwa hiyo sehemu ya kuandikia ni sentimita 15.92. Kwenye Microsoft Word tulichagua mistari yote ya vyakula, tukafungua `Paragraph`, kisha `Tabs...`. Kwenye `Tab stop position` tuliandika 15.9 cm, `Alignment` tukaweka `Right`, na `Leader` tukachagua namba 2, ile ya nukta. Tukabonyeza `Set`, kisha `OK`. Baada ya hapo unaandika jina la chakula, unabonyeza Tab mara moja, unaandika bei. Ukipandisha bei, nukta zinapungua zenyewe na ukingo wa kulia haupindi.

Kujua menyu yako ilitengenezwa vipi, washa alama ya ¶. Ukiona mshale mmoja kati ya jina na bei, iko sawa. Ukiona nukta tupu bila mshale, zilichapwa kwa kidole.

Dhana: nukta ni urembo, na hoteli kubwa wameshaziacha

Kazi yake ni kulivusha jicho. Kwenye menyu ya safu moja, kati ya neno "Chai" na bei yake kuna zaidi ya sentimita 13 za uwazi, na jicho huteleza kwa urahisi hadi mstari wa jirani. Mteja anasoma bei ya sato wa kati akidhani ni ya sato mkubwa, na ugomvi unakuja wakati wa kulipa.

Wanaoziondoa wana sababu yao: nukta humpeleka mteja moja kwa moja kwenye bei, akaanza kulinganisha namba kabla ya vyakula. Wao huweka bei jirani kabisa na jina, hivyo hakuna pengo la kuvuka. Kuondoa nukta na kuiacha bei kulekule ukingoni ni kumwonea mteja. Kwa mgahawa wa mwaloni, ambako watu huja wameshapanga watatumia shilingi ngapi, mimi naziacha nukta.

Kilichobaki kutusumbua kwa yule mama ni "Sangara wa kuchemsha kwa nazi, na ugali au wali, mboga za majani na kachumbari". Jina refu hivyo linakaribia kuifikia bei, na nukta zinabaki tatu nne tu. Tuliandika "Sangara wa nazi" pamoja na bei yake, kisha Shift+Enter, na maelezo mengine yakakaa chini kwa herufi ndogo bila nukta.