Timu zikiwa shufwa bado zinahitaji bai: dhana potofu kuhusu ratiba za mtoano

Kila msimu wa mashindano ya mitaani unapokaribia hapa Dar es Salaam, waandaaji huniletea ratiba zao nizikague kabla ya droo, na wengi wao huanza kwa kunihakikishia kwamba safari hii hakutakuwa na tabu ya bai, yaani timu kupita raundi bila kucheza, kwa sababu idadi ya timu ni shufwa. Nimeisikia kauli hiyo Temeke, nimeisikia Ubungo, na wanaoitoa si wageni wa kazi hii. Baadhi yao wameendesha ndondo kwa miaka mingi. Kauli hiyo si sahihi. Madhara yake hayaonekani siku ya droo, bali hujitokeza kwenye nusu fainali, wakati timu zimeshalipa ada, mashabiki wamejaa uwanjani na hakuna tena namna ya kurekebisha jambo bila kumwonea mtu. Kwa sababu hiyo nitaieleza kwa kirefu kuliko dhana nyingine zinazofuata hapa chini.

Dhana: timu zikiwa shufwa, hakuna haja ya bai

Idadi kuwa shufwa kunahakikisha jambo moja tu, nalo ni kwamba timu zitagawanyika mbili mbili katika raundi ya kwanza. Raundi ya pili haimo katika dhamana hiyo. Ili kila raundi igawanyike sawasawa mpaka zibaki timu mbili za fainali, ni lazima muanze na timu 2, 4, 8, 16, 32, 64 au idadi nyingine inayopatikana kwa kuendelea kuzidisha kwa mbili. Idadi kama 6, 10, 12, 20 na 22 ni shufwa, lakini zote zinahitaji bai.

Tuchukue timu 22, idadi ambayo huwapendeza sana waandaaji kwa kuwa inafanana na ligi. Mwandaaji anayefuata dhana hii hupanga mechi 11 katika raundi ya kwanza, na kila timu inacheza. Zinabaki timu 11. Sasa anapaswa kuipitisha moja bila kucheza, hivyo zinachezwa mechi 5 na zinabaki timu 6. Hizo zinacheza mechi 3 na zinabaki timu 3. Hapo ndipo simu huanza kupigwa usiku, kwa sababu nusu fainali ina timu tatu: mbili zitacheza, na moja itaingia fainali ikiwa imekaa nyumbani.

Tazameni maana ya jambo hilo kwa wachezaji. Timu moja inafika fainali baada ya kushinda mechi nne, huku mpinzani wake akiwa ameshinda tatu na kupata wiki nzima ya kupumzika. Ikitokea timu iliyopata bai katika raundi ya pili ikaokota tena karatasi ya bai kwenye nusu fainali, itacheza fainali baada ya kushinda mechi mbili tu. Hakuna nahodha wa timu iliyotolewa atakayeamini kwamba droo hiyo ilikuwa ya haki, hata kama ilifanywa hadharani mbele ya viongozi wote, na mimi simlaumu.

Utaratibu sahihi ni kumaliza bai zote katika raundi ya kwanza. Katika mfuatano ule wa 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, tafuteni idadi inayofuata juu ya idadi ya timu zenu, ambayo kwa timu 22 ni 32, kisha toeni 22 katika 32. Jibu ni 10, na hizo ndizo timu zitakazopata bai. Timu 12 zilizobaki zinacheza mechi 6, washindi sita wanaungana na zile kumi, na zinapatikana timu 16. Kuanzia hapo kila kitu kinagawanyika: mechi 8, robo fainali 4, nusu fainali 2 na fainali moja. Hakuna timu inayopita bila kucheza baada ya raundi ya kwanza, na tofauti kubwa kabisa baina ya timu mbili zilizofika fainali ni mechi moja, tena mechi ya mwanzoni kabisa, wakati miguu bado ni mizima.

Waandaaji wengi hushtuka wakisikia bai kumi, wakadhani wanapoteza mechi na kiingilio chake. Hebu jumlisheni. Njia ya kwanza ina mechi 11, 5, 3, 1 na 1, ambazo ni 21 katika raundi tano. Njia ya pili ina mechi 6, 8, 4, 2 na 1, ambazo pia ni 21 katika raundi tano. Hakuna kilichookolewa wala kilichopotea. Bai mbili za njia ya kwanza zinaonekana chache kuliko kumi, lakini zimekaa mahali pabaya, na ubaya wa bai huongezeka kadiri inavyosogea karibu na fainali.

Lipo kosa jingine ambalo huirudisha dhana hii kwa mlango wa nyuma, hata kwa mwandaaji ambaye tayari amekubali kutumia jedwali la nafasi 32, ambamo nafasi ya 1 hukutana na ya 2, ya 3 na ya 4, na kuendelea. Anaandika timu kuanzia nafasi ya 1 hadi ya 22 kwa mfuatano, kisha anaacha nafasi 23 hadi 32 wazi, akiamini kwamba nafasi kumi zilizo wazi ndizo bai zake kumi. Nusu ya juu ya jedwali inakuwa na timu 16 na mechi 8. Nusu ya chini ina timu 6 na mechi 3. Robo ya mwisho ya jedwali, yaani nafasi ya 25 hadi ya 32, haina timu hata moja, kwa hiyo timu itakayotoka katika nafasi ya 17 hadi 24 haina mpinzani kwenye nusu fainali. Hesabuni mechi za jedwali hilo raundi kwa raundi, mtapata 11, 5, 3, 1 na 1, yaani mashindano yaleyale yenye kasoro, safari hii yakiwa yamevaa jedwali linalovutia macho.

Kipimo chake ni chepesi na kinaweza kufanywa kwa kidole juu ya karatasi. Piteni kila jozi ya raundi ya kwanza, moja baada ya nyingine. Mkikuta jozi ambayo nafasi zote mbili ni wazi, jedwali hilo halifai na lisipelekwe kwenye droo. Kila nafasi iliyo wazi lazima iwe na timu pembeni yake. Baada ya hapo angalieni mlingano: kwa timu 22, kila nusu ya jedwali iwe na timu 11, na ndani ya kila nusu robo moja iwe na timu 6 na nyingine timu 5. Robo yenye timu 6 itakuwa na mechi 2 na bai 2. Yenye timu 5 itakuwa na mechi 1 na bai 3. Huo ndio usawa wa karibu zaidi unaowezekana kwa idadi hiyo.

Kuhusu nani apewe bai, ushauri wangu haujabadilika. Kama mna kigezo kinachojulikana na wote, kwa mfano nafasi za mashindano ya mwaka uliopita, kitumieni na mkiandike kwenye kanuni kabla ya usajili kuanza. Ndivyo hata CAF inavyofanya katika mashindano yake ya klabu, ambako baadhi ya klabu zenye rekodi nzuri huanzia raundi ya pili ya awali. Kama hamna kigezo, bai zote zipatikane kwa kura ya wazi. Jambo lisilokubalika ni kamati kuamua majina ya timu zenye bai baada ya kuona nani amejisajili.

Dhana: mshindwa bora ndiye dawa

Zikibaki timu tatu, wapo wanaomrudisha aliyefungwa kwa tofauti ndogo ya mabao ili zitimie nne. Katika mtoano kila mechi inamtoa mtu mmoja, na ndiyo sababu timu 22 zinahitaji mechi 21: watu 21 lazima watolewe ili abaki bingwa. Ukimrudisha aliyekwisha kutolewa, itabidi atolewe tena, kwa hiyo umeongeza mechi ya 22 ambayo haikuwa kwenye bajeti ya waamuzi wala ya uwanja. Baya zaidi ni kwamba anaweza kutwaa kombe akiwa amepoteza mechi, na hapo mashindano yameacha kuwa ya mtoano. Siipendekezi njia hii kwa hali yoyote.

Dhana: bai ni ushindi wa 3–0

Hapana. Ushindi wa mezani hutolewa pale mechi iliyopangwa inaposhindikana kwa kosa la timu moja, kama kutofika uwanjani au kuchezesha mchezaji asiyestahili. Bai si mechi. Haina mpinzani, haina mabao, na haiingizwi popote katika hesabu ya mfungaji bora au ya kadi.

Dhana: jumla ya mechi hutegemea namna ratiba ilivyopangwa

Jumla ni idadi ya timu kutoa moja, hata mpange vipi. Ongezeni moja kama kuna mechi ya mshindi wa tatu. Kombe la Dunia la 2026 linaonyesha hesabu hiyo vizuri: timu 48 katika makundi 12 hucheza mechi 72, kisha timu 32 zinaingia kwenye mtoano na kucheza mechi 31, ukiongeza moja ya mshindi wa tatu, jumla inakuwa 104. Kama mnacheza nyumbani na ugenini, zidisheni kwa mbili mechi za raundi husika pekee.

Dhana: timu zikiongezeka mara mbili, raundi nazo huongezeka mara mbili

Raundi huongezeka moja tu. Timu 16 zinahitaji raundi nne, timu 32 zinahitaji tano. Lakini timu 17 nazo zinahitaji tano, na hapa ndipo waandaaji wanaoshindwa kusema hapana hujiumiza. Usajili umefungwa kwa timu 16, kisha rafiki wa mwenyekiti anakuja na timu yake siku moja kabla ya droo, na kamati inampokea kwa kuwa ni timu moja tu. Kwa hesabu ya mechi ni kweli imeongezeka moja. Kwa hesabu ya kalenda imeongezeka raundi nzima: timu 15 zinapata bai, timu mbili zinacheza mechi pekee ya raundi ya kwanza, na mshindi wake lazima apate siku za kupumzika kabla ya kukutana na mpinzani ambaye hajagusa mpira. Mkiwa na uwanja mmoja usio na taa, ambao mmeukodi kwa tarehe maalumu, ama mfunge mlango kwenye 16, ama mtenge tarehe ya mechi hiyo moja kabla hamjapokea ada ya timu ya 17.