Je, wajua kwa nini mkopeshaji hukubali riba ndogo?

*"Nimesikia kuna hatifungani zinazoweza kugeuka hisa, ila riba yake ni ndogo kuliko za kawaida. Mtu mwenye akili timamu anawekaje hela humo?"*

Anayenunua hatifungani anaikopesha kampuni hela. Kwa hii ya kugeuka, anauziwa vitu viwili kwa mpigo: deni, na haki ya kuligeuza deni hilo kuwa hisa kwa bei iliyopangwa tangu siku ya kwanza. Riba anayoiachia ndiyo malipo ya haki hiyo.

Tuseme kuna kiwanda cha kubangua korosho pale Masasi, cha kufikirika tu, kinachotafuta hela za mashine. Hatifungani ya kawaida ingekigharimu riba ya asilimia 13 kwa mwaka. Kinatoa ya kugeuka, ya miaka mitano, kwa asilimia 8. Hisa yake leo ni shilingi 400, na bei ya kugeuzia imewekwa 500. Ukikopesha milioni moja, una haki ya hisa 2,000.

Kila mwaka unaachia shilingi 50,000, kwa miaka mitano 250,000. Korosho zikikubali na hisa ikafika 800, unageuza: hisa zako zina thamani ya 1,600,000. Hisa ikishuka hadi 300, hakuna anayekulazimisha. Unasubiri hatifungani iive na kudai milioni yako. Katikati ndipo watu wanapojidanganya. Hisa ikiwa 550, kugeuza kuna faida, lakini haijarudisha riba uliyoiacha. Kwa hesabu ya haraka, inabidi ipite 625.

Kiwanda nacho kinapata nafuu ya riba miaka ile mashine hazijaanza kulipa. Gharama yake wanaibeba wenye hisa wa zamani. Kama zilikuwepo hisa milioni 10 na wakopeshaji wakageuza wakapata milioni 2, aliyemiliki asilimia 10 anabaki na takriban 8.3.

Na si kila mara deni linageuka. Mwaka 2014 Tesla ilikopa kwa hatifungani za namna hii kwa riba ya asilimia 0.25 tu, bei ya kugeuzia ikiwa takriban dola 360 kwa hisa. Zilipoiva Machi 2019, hisa ilikuwa chini ya hapo, na kampuni ikalazimika kulipa dola milioni 920 taslimu. Waliokopesha walirudishiwa hela yao, ila kwa miaka mitano walikuwa wamepata riba ya kupaka mdomoni.

Milioni yako ya Masasi pia ni salama kadiri kiwanda kinavyoweza kulipa. Kikifilisika, hisa na deni vinaanguka pamoja, ingawa mkopeshaji hulipwa kabla ya mwenye hisa, na mwenye dhamana kama benki kwa kawaida hulipwa kabla yake. Soma pia kama mkataba unairuhusu kampuni kulipa deni mapema. Mara nyingi ruhusa hiyo huanza hisa ikishapanda vya kutosha, na ikitumika, unapewa siku chache za kuamua: ugeuze, au upokee milioni yako.