Mshtuko wa moyo ukiwa Lindi: dawa ya kuyeyusha damu hapa hapa, au gari la Dar?

Ndugu wakishaambiwa mgonjwa wao ana mshtuko wa moyo, la kwanza wanaloomba ni rufaa ya Dar es Salaam. Nawaelewa. Wameshasikia kwamba Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huzibua mshipa kwa puto na kuweka stenti, na hiyo ndiyo tiba bora kuliko zote, mradi ifanyike mapema. Hilo sharti la mapema ndilo linalotubana sisi wa kusini.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 58, mkulima wa korosho. Kifua kimeanza kumbana saa 9 usiku, jasho linamtoka, maumivu yanashuka mkono wa kushoto. Anafikishwa hospitali saa 11 alfajiri. Kipimo cha umeme wa moyo kinafanyika ndani ya dakika 10, na karatasi inaonyesha mistari iliyonyanyuka pale isipopaswa. Huu ndio mshtuko ambao madaktari huuita STEMI: bonge la damu limeziba kabisa mshipa mkubwa wa moyo, na nyama ya moyo iliyo mbele yake inakufa taratibu.

Saa inaanza kuhesabiwa hapo, saa 11:10. Kanuni ni kwamba mgonjwa apelekwe kuzibuliwa kwa puto iwapo waya unaotangulia puto utapita kwenye bonge ndani ya dakika 120 tangu kipimo kilipotoa jibu. Watu wengi huhesabu mpaka gari lifike getini kwa wenzetu, kumbe mgonjwa bado hajapokelewa, hajalazwa mezani, wala mshipa haujatafutwa. Kutoka Lindi hadi Dar ni takriban kilomita 450. Dakika 120 zitakapoisha, saa 1:10 asubuhi, gari la wagonjwa huenda halijaifikia hata Nangurukuru. Ndege nayo ruka yake ni fupi, lakini ongeza kuisubiri, kwenda uwanjani, na foleni ya Dar baada ya kutua.

Basi mwanawe akisema, "Dokta, tuandikie rufaa sasa hivi," jibu langu ni hili: "Rufaa naiandika, kaka, lakini mzee hatoki hapa kabla ya dawa."

Dawa hiyo huyeyusha bonge. Tenekteplezi ni sindano moja ya mshipani, kipimo chake hufuata uzito. Mbadala wake, streptokinezi, ni uniti milioni 1.5 kwenye dripu, kwa dakika 30 hadi 60. Pamoja nayo mgonjwa hutafuna aspirini ya miligramu 300, hupewa klopidogreli na dawa ya kuzuia damu isigande upya. Inafaa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, ila saa mbili tatu za kwanza ndizo zenye faida kubwa. Bonge bichi huyeyuka kwa urahisi, likikaa hukakamaa.

Hatari yake ni damu. Kati ya wagonjwa 100, karibu mmoja hutokwa na damu ubongoni. Ndiyo maana tunawauliza ndugu maswali yanayoonekana kama kupoteza muda: amewahi kupata kiharusi? Amefanyiwa upasuaji, ameumia kichwa au ametapika damu mwezi huu? Msifiche. Aliyewahi kuvuja damu ubongoni hapewi dawa hii kabisa. Huyo ataenda Dar hata kama safari ni ndefu. Vilevile ambaye moyo umeshindwa kusukuma damu, presha imeshuka na mikono imekuwa baridi, naye anahitaji puto.

Semeni pia kama zahanati ilimchoma sindano ya maumivu kwenye tako. Haimzuii kupata dawa, lakini hapo alipochomwa panaweza kuvimba damu na kuwa peusi kama bilinganya.

Streptokinezi ikiingia, presha huweza kushuka ghafla. Tunapunguza kasi ya dripu au kuisimamisha kidogo, tunainua miguu, kisha tunaendelea. Dakika 60 hadi 90 baadaye tunarudia kipimo cha umeme wa moyo. Mistari ikiwa imeshuka kwa nusu au zaidi na kifua kimelegea, mshipa umefunguka. Isiposhuka, dawa imeshindwa, na mzee anahitaji puto haraka.

Kwa hiyo gari huitwa dripu inapotundikwa. Kusubiri matokeo kwanza ni kosa ninaloliona mara nyingi. Hata dawa ikifanya kazi, mshipa bado una mkwamo uliosababisha bonge, na unatakiwa kuchunguzwa kati ya saa 2 na 24. Garini pawe na mashine ya kushtua moyo na mtu anayejua kuitumia, maana mapigo huweza kuvurugika njiani.

Kwenye barua ya rufaa iandikwe saa ya maumivu, saa ya dawa na jina la dawa. Nakala ibaki nyumbani: aliyepewa streptokinezi harudiwi tena na dawa hiyo hiyo, kwa sababu mwili huwa umeshatengeneza kinga dhidi yake.