Kodi ya mume na mke Ireland: kugawa hesabu si sawa na kurudi useja

Walikuja Jumamosi asubuhi, mume na mke, kila mmoja na bahasha yake. Mke ni muuguzi, mume anafanya kazi ya nusu muda dukani. Mke ndiye aliyeanza kusema.

"Dada, mwaka ulipoanza niliomba tutozwe kodi kila mtu na lwake, maana sikutaka mambo ya mshahara wangu yapitie kwenye karatasi za mwenzangu. Shoga yangu kazini naye aliomba hivyohivyo. Mwaka umeisha, yeye karudishiwa zaidi ya euro elfu mbili, na mishahara yetu karibu inalingana. Mimi sijaona hata senti. Tumekosea wapi?"

Walikuwa hawajakosea hesabu yoyote. Walikuwa wameomba kitu kingine, chenye jina linalofanana sana na kile alichoomba shoga yake. Suala hili nakutana nalo kila msimu wa ritani, basi leo nalieleza hatua kwa hatua, kwa viwango vya mwaka 2025.

Sheria ya Ireland inawapa wanandoa njia tatu. Ya kwanza ni makadirio ya pamoja, na msipoomba chochote ndiyo mnayowekewa. Mapato ya wote wawili yanakusanywa kwenye hesabu moja, na mmoja wenu ndiye anayewajibika kwa ritani na kwa kodi yote. Ya pili nitaiita makadirio yaliyogawanywa: kila mtu ana hesabu yake, ritani yake na deni lake, ila mwisho wa mwaka jumla ya kodi yenu haizidi ile ambayo mngelipa kwa makadirio ya pamoja. Ya tatu ni kutozwa kama waseja. Hapo ndoa haihesabiwi kabisa, na kile ambacho mmoja ameshindwa kukitumia kinapotea. Kwa Kiingereza njia ya pili na ya tatu zote zina neno la "kutengana" ndani yake, na ndipo watu wanapoteleza.

Tuchukue hesabu ya hawa wageni wangu. Mke anapata euro 62,000 kwa mwaka, mume euro 18,000. Asiye na ndoa anatozwa asilimia 20 kwenye euro 44,000 za kwanza, na asilimia 40 kwa kinachozidi hapo. Halafu kuna nafuu za kodi, yaani fedha zinazopunguzwa kwenye kodi yenyewe wala si kwenye mapato: euro 2,000 kwa kila mtu, au 4,000 kwa wanandoa, na nyingine 2,000 kwa kila aliyeajiriwa.

Kama waseja, mke anatozwa 8,800 kwenye zile 44,000, na 7,200 kwenye 18,000 zilizobaki. Jumla 16,000. Ondoa nafuu zake za 4,000, analipa 12,000. Mume anatozwa asilimia 20 ya 18,000, yaani 3,600, na nafuu zake ni 4,000. Halipi kitu, na euro 400 za nafuu zinamwagika, kwa sababu nafuu inafuta kodi tu, hailipwi mkononi. Nyumba nzima imelipa 12,000.

Kwa makadirio ya pamoja daraja la asilimia 20 linapanuka. Mmoja anapewa 53,000, na mwenzake anaongezewa hadi 35,000, ila nyongeza hiyo haiwezi kuzidi mapato yake mwenyewe. Mume ana 18,000, basi nyongeza ni 18,000. Kwa hiyo 71,000 zinatozwa asilimia 20, ambayo ni 14,200, na 9,000 zilizobaki za mke zinatozwa asilimia 40, ambayo ni 3,600. Jumla 17,800. Ondoa nafuu zote nne, 8,000, wanalipa 9,800.

Tofauti ni euro 2,200, na inafaa kujua imetoka wapi. Euro 9,000 za mapato ya mke zimeshuka kutoka asilimia 40 hadi 20, hiyo ni 1,800. Zile 400 za mume zilizokuwa zinamwagika zimepata kodi ya kufuta, nayo ni kodi ya mke.

Sasa njia ya pili, ile aliyoomba shoga yake. Mwaka unapoanza, nafuu ya wanandoa ya 4,000 inakatwa nusu kwa nusu, kila mmoja 2,000, na kila mmoja anapewa daraja la 44,000. Tazama vizuri: hizo ni zilezile tarakimu za waseja. Kila mwezi mke anakatwa kodi kana kwamba hana mume, na karatasi ya mshahara ya aliyegawa makadirio haina tofauti yoyote na ya aliyerudi useja. Ndiyo maana wanawake wawili wanaweza kukaa meza moja mwaka mzima, walinganishe makato, waone yamelingana, waamini wako kwenye njia moja.

Tofauti inakuja baada ya tarehe 31 Desemba. Aliyegawa makadirio anaruhusiwa kudai mwenzake ampe kilichobaki. Mume ametumia 18,000 tu za daraja lake, zimebaki 26,000. Mke hachukui zote. Anachukua mpaka daraja lake lifike 53,000, yaani 9,000. Anachukua pia zile 400 za nafuu. Anarudishiwa 2,200, na kodi ya nyumba inatua kwenye 9,800, sawasawa na ya pamoja. Aliyerudi useja hana wa kumwomba. Wala hawezi kurudi nyuma: uamuzi huo unafutwa na yule aliyeuomba, kabla mwaka wenyewe haujaisha, na huyu mama alikuja kwangu mwaka ukiwa umeshafungwa. Nilimsaidia kurekebisha mwaka unaofuata. Zile 2,200 zilikuwa zimekwenda.

Kuna nafuu ambazo hazikatwi nusu. Ya ajira inabaki kwa mwenye ajira na haihamishiki, pamoja na gharama za kazi yake. Ya mtoto mwenye ulemavu wa kudumu inagawanywa sawa, kama ile ya ndoa. Nyingine nyingi zinamfuata aliyebeba gharama, na matibabu ndiyo mfano ninaouona zaidi. Ukilipa daktari euro 1,500 ambazo bima haikurudisha, nafuu ni asilimia 20, euro 300. Mume yule ndiye aliyekuwa analipa hospitali, na risiti zote zina jina lake. Kwenye makadirio yaliyogawanywa asingepata hasara, kwani nafuu isiyotumika ingehamia kwa mke. Kwenye useja, 300 zake zilikutana na kodi ya sifuri. Kwa hiyo wateja wangu walioamua kwa hiari yao kubaki kama waseja nawaambia jambo moja tu: mwenye kodi ndiye alipe daktari, kwa kadi yake.

Watu wengi, na wahasibu wamo, husema kwamba ukiwa kwenye makadirio ya pamoja haina haja kujua pato ni la nani, kwa sababu yote yanaingia chungu kimoja. Ujerumani ni kweli. Huko tangu 1958 mapato ya wanandoa yanajumlishwa, yanagawanywa kwa mbili, kodi inapigwa kwenye nusu kisha inazidishwa kwa mbili, basi nani kaleta nini haibadilishi kitu. Ireland si hivyo, kwa sababu ya ile nyongeza inayofungwa na mapato ya mwenzi mdogo.

Wageni wangu wana nyumba ndogo wanayoipangisha, hati ina majina yote mawili nusu kwa nusu. Pato la pango baada ya gharama ni euro 6,000 kwa mwaka. Mke ndiye anayepokea fedha na kusumbuana na mafundi, basi ritani waliyokuwa wameiandaa ya mwaka mpya, tayari kwa makadirio ya pamoja, iliweka zote 6,000 upande wake. Hapo zinatozwa asilimia 40, yaani 2,400. Lakini pato la pango linamfuata mwenye mali, si anayepokea fedha. Tukiweka 3,000 kwa kila mmoja kama hati inavyosema, 3,000 za mume zinampandisha hadi 21,000, na nyongeza yake inapanda naye. Zinatozwa asilimia 20, yaani 600. Za mke ni 1,200. Jumla 1,800. Euro 600 zimeokolewa kwa kuandika ukweli tu. Mume aliuliza kwa nini tusiweke zote kwake. Hatuwezi, mpaka nyumba iwe yake kweli kwenye hati.

Nyongeza hii ya ajabu ina historia. Zamani mapato ya mke yalihesabiwa kuwa ya mume, na wanandoa wote wawili wakifanya kazi walilipa zaidi ya watu wawili wasiooana. Mume na mke walimu walikwenda mahakamani, kesi ya Murphy, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema hilo linakiuka katiba. Madaraja ya wanandoa yakafanywa mara mbili ya waseja, yakitumika kwa hiari yao. Bajeti ya Desemba 1999 ya waziri Charlie McCreevy ndiyo iliyoanza kufunga sehemu ya daraja kwa kila mtu binafsi, na kelele zilikuwa nyingi, kwa sababu nyumba yenye mfanyakazi mmoja iliona inaachwa nyuma.

Kuhusu tarehe, hapa ndipo pa kuweka alama kwenye kalenda. Ombi la makadirio yaliyogawanywa linapelekwa kati ya tarehe 1 Oktoba ya mwaka uliotangulia na tarehe 31 Machi ya mwaka wenyewe. Ukichelewa, unasubiri mwaka mwingine. La useja linaweza kupelekwa hata Novemba, na nadhani ndiyo sababu wengi huishia huko: wanagombana Juni, wanauliza, wanaambiwa lililo wazi ni hilo. USC, ile tozo ya ziada kwenye mapato, na PRSI, mchango wa bima ya jamii, haziguswi na njia yoyote mtakayochagua kati ya hizi tatu. Hizo ni za mtu binafsi siku zote.

Kama nyote wawili mnapata euro 44,000 au zaidi kila mmoja, na kila mtu anamaliza nafuu zake, chagueni mnachotaka. 53,000 na 35,000 ni 88,000, na mara mbili ya 44,000 ni hizohizo. Hapo tofauti ni faragha, na nani atapokea barua deni likitokea. Yule mama alipoelewa hivyo alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mumewe: "Baba Neema, lini utaongezewa saa dukani?"