Juisi haimo mfukoni: pesa gani inarudi, na kutoka kwa nani

Dhana: Chakula kikipungua, ada zote zinarudi.

Tuchukulie oda ya chakula uliyoagiza kwa apu Nairobi: biriani ya kuku shilingi 650, chapati mbili 100, juisi ya embe 250. Jumla 1,000. Kuna punguzo la asilimia 20, yaani 200. Ada ya huduma ni asilimia 5 ya bei ya chakula, 50, na usafirishaji ni 120. Umelipa 970. Mfuko unafika, juisi haimo.

Wengi hungoja 250. Lakini punguzo liligawanywa kwa kila kitu kwenye oda, kwa hiyo juisi uliilipia 200 tu, na ndizo zinazorudi. Ada ya huduma ikiwa inahesabiwa kwa asilimia, sehemu ya juisi ni 12.50, apu nyingine huirudisha, nyingine haigusi ada hiyo mpaka oda nzima ifutwe. Ile 120 kwa kawaida hubaki ilipo, maana safari ilifanyika: pikipiki ilitoka hotelini ikafika kwako, juisi iwemo isiwemo.

Dhana: Aliyeleta ndiye aliyeipoteza, basi nimkate pesa.

Mfuko hufungwa hotelini, mara nyingi kwa stika, na mwenye pikipiki hatakiwi kuufungua. Vinywaji ndivyo husahaulika zaidi, kwa kuwa hukaa kwenye friji na hupakiwa mwisho, mbali na jiko. Kama stika ni nzima, kosa ni la aliyepakia, na kwa kawaida apu humkata mwenye hoteli kwenye malipo yake. Unapolipa taslimu, mfumo tayari umeandika kwamba mwenye pikipiki amepokea 970. Ukimpa 720, pengo linamwangukia yeye. Mlipe zote, kisha udai kwenye apu. Kwa kuwa hakuna kadi ya kurudishia, tarajia salio la kutumia kwenye oda nyingine.

Dhana: Soda ya kombo hudaiwa kama soda nyingine.

Hapa watu hukwama. Soda iliyo ndani ya kombo mara nyingi haina bei yake kwenye risiti. Imeandikwa sifuri, na mfumo ukihesabu wenyewe hukurudishia sifuri. Usiishie kwenye kitufe cha kudai. Andika ujumbe, utaje bei ya soda hiyohiyo inapouzwa peke yake kwenye menyu.

Dhana: Picha ya mfuko inatosha.

Piga picha ya stika kabla ya kuichana, halafu risiti iliyobandikwa, halafu vyote ulivyopokea vikiwa vimepangwa mezani katika picha moja. Ingia kwenye oda husika, chagua kwamba kuna kitu kimekosekana, uguse juisi peke yake. Ukichagua kwamba oda haikufika, ramani itaonyesha pikipiki ilisimama mlangoni kwako, na dai litakataliwa hata kama juisi kweli haikuwemo. Peleka dai lako siku hiyohiyo; dirisha la malalamiko hufungwa mapema.