Jina na cheo havitoshi kwenye mwaliko

"Nikitaja jina la mtu na cheo chake kwenye mwaliko wa LinkedIn ninaomtumia mtu ninayetaka awe mteja, si tayari nimemwandikia yeye binafsi?"

Hapana. Jina na cheo vinaweza kujazwa na programu, na mpokeaji analijua hilo. Anajibu akiona jambo ambalo usingeweza kumtumia mtu mwingine. Tuseme meneja wa ghala ameandika kwamba hesabu ya mizigo haikulingana na ya kompyuta. Mwandikie: "Nimesoma ulivyoeleza kuhusu hesabu kutolingana. Tofauti ilianzia kwenye kupokea mzigo au kuutoa?" Basi, bila kiungo wala bidhaa. Swali hilo analijibu kwa neno moja. Ukiongeza "naomba dakika 15 nikuonyeshe mfumo wetu", atakaa kimya. Bidhaa itaje akishajibu, tena ikiwa jibu lake linaihusu.